Upepo Ukiongeza Kasi Maradufu, Nguvu Yake Huongezeka Mara Nane

Kusini-mashariki mwa Ziwa Turkana, katika kaunti ya Marsabit, kuna nyanda za mawe meusi ambako upepo hauishi. Upande mmja kuna mlima Kulal, upande wa pili mlima Nyiru, na katikati yake hewa inayotoka upande wa Bahari ya Hindi hubanwa kabla ya kufika ziwani. Mkondo huo ni sehemu ya ujia mkubwa zaidi, ulio kati ya nyanda za juu za Ethiopia na zile za Kenya. Wataalamu wa hali ya hewa Kinuthia na Asnani waliueleza kitaalamu mwaka 1982. Wafugaji wa eneo hilo waliujua tangu zamani, kwani nyumba zao hujengwa kwa kuuzingatia.

Leo hapo karibu na Loiyangalani imesimama mitambo 365 ya upepo, kila mmoja ukiwa na uwezo wa kutoa kilowati 850. Kwa pamoja hiyo ni megawati 310, na umeme wake ulianza kuingia kwenye gridi ya Kenya mwaka 2018 kupitia njia ya kusafirishia umeme inayokwenda hadi Suswa, zaidi ya kilomita 400. Mtu anayepita hapo anaweza kudhani kwamba mitambo inayozunguka yote inafanya kazi sawa. Sivyo. Upepo wa mita 4 kwa sekunde unayazungusha mapanga, lakini mtambo hutoa kilowati ishirini na kitu tu. Upepo ukifika mita 8 kwa sekunde, mtambo uleule hutoa zaidi ya kilowati 260. Kasi imeongezeka mara mbili tu, lakini umeme umepanda zaidi ya mara kumi.

Ndani ya tofauti hiyo mna kanuni moja inayotawala biashara nzima ya umeme wa upepo: nguvu iliyomo ndani ya upepo hufuata kasi yake kwa kipeo cha tatu. Maana yake ni kwamba kasi huzidishwa kwa yenyewe, kisha ikazidishwa tena. Kasi ikiwa mara mbili, nguvu ni mbili mara mbili mara mbili, yaani nane. Ikiwa mara tatu, nguvu ni ishirini na saba.

Watu wengi wakiisikia kanuni hii huikubali kama amri ya vitabuni, lakini sababu yake inaeleweka bila kusomea fizikia. Inatokana na mambo mawili yanayotokea kwa wakati mmoja.

La kwanza ni nishati ya mwendo iliyomo katika kila kilo ya hewa. Kitu chochote kinachosogea hubeba nishati inayofuata kasi kwa kipeo cha pili. Mwendesha bodaboda anaijua hali hii kwa breki zake: akienda kilomita 60 kwa saa badala ya 30, nishati ambayo breki zinapaswa kuimaliza ni mara nne, na baada ya kukanyaga breki pikipiki husota umbali wa kama mara nne kabla ya kusimama. Hewa nayo ina uzito, hata kama haionekani. Kilo moja ya hewa inayokwenda mita 4 kwa sekunde hubeba jouli 8. Ikienda mita 8 kwa sekunde, hubeba jouli 32.

La pili husahaulika mara nyingi. Mtambo haupokei kilo moja ya hewa ukamaliza. Hupokea hewa mfululizo, sekunde baada ya sekunde. Upepo ukiwa wa mita 4 kwa sekunde, kila sekunde hupita kwenye duara la mapanga bomba la hewa lenye urefu wa mita 4. Ukiwa wa mita 8, bomba hilo huwa na urefu wa mita 8, kwa hiyo kilo zinazopita ni maradufu. Basi kasi inapoongezeka mara mbili, kila kilo inakuja na nishati mara nne, na kilo zenyewe zinakuja nyingi mara mbili. Nne mara mbili ni nane. Hapo ndipo kipeo cha tatu kilipotokea: viwili kutoka kwa nishati ya kila kilo, na kimoja kutoka kwa wingi wa kilo zinazopita.

Wahandisi huyaandika hayo yote kwa mstari mmoja:

P = ½ × ρ × A × v³

P ni nguvu kwa wati, ρ ni uzito wa hewa katika kila mita ya ujazo, A ni eneo la duara linalozungukwa na mapanga, na v ni kasi ya upepo. Eneo likiongezeka maradufu, nguvu huongezeka maradufu na si zaidi. Uzito wa hewa nao ni hivyohivyo. Ni kasi peke yake inayopewa heshima ya kipeo cha tatu.

Sasa tuiweke kanuni hiyo kazini kwa mtambo mmoja wa Loiyangalani. Ni aina ya Vestas V52, na hiyo 52 ni kipenyo cha duara la mapanga kwa mita. Nusu kipenyo ni mita 26. Eneo la duara ni 3.1416 mara 26 mara 26, yaani mita za mraba 2,124.

Uzito wa hewa unahitaji uangalifu kidogo. Usawa wa bahari, kwenye nyuzi 15 za Selsiasi, mita moja ya ujazo ya hewa ina kilo 1.225, na hiyo ndiyo namba inayotumiwa katika karatasi za kiwandani. Lakini joto huitanua hewa, na kadiri mtu anavyopanda juu hewa inakuwa nyepesi. Kwa mahali penye mwinuko wa kama mita 700 na joto la nyuzi 28, namba inayofaa ni karibu kilo 1.08. Tuichukue hiyo.

Kasi tuifanye mita 8 kwa sekunde. Hewa inayopita kila sekunde ni 2,124 mara 8, yaani karibu mita za ujazo 17,000. Ukizidisha kwa 1.08 unapata kilo 18,350. Zaidi ya tani 18 za hewa hupita katikati ya mapanga matatu kila sekunde moja. Kila kilo ina jouli 32, kwa hiyo nguvu yote ni 18,350 mara 32, ambayo ni wati 587,000, au kilowati 587.

Hiyo ni nguvu ya upepo, bado si umeme.

Mtambo hauwezi kuichukua yote, na kikwazo si ubovu wa mashine. Kama mapanga yangeichukua nishati yote, hewa iliyo nyuma yake ingesimama kabisa, na hewa iliyosimama ingeziba njia ya ile inayokuja. Ni lazima hewa iondoke na mwendo fulani ili kuipisha nyingine. Mjerumani Albert Betz, aliyefanya kazi Göttingen, alionyesha karibu mwaka 1920 kwamba faida kubwa kabisa hupatikana pale hewa inapoondoka na theluthi moja ya kasi iliyokuja nayo. Katika hali hiyo mtambo hunasa 16 kwa 27 ya nguvu ya upepo, yaani asilimia 59.3. Hakuna mapanga ya aina hiyo, yawe ya umbo gani, yanayovuka kiwango hicho katika upepo ulio wazi. Kwa mfano wetu, kikomo cha Betz ni kilowati 348.

Baada ya hapo huja hasara za kawaida: msuguano wa hewa kwenye mapanga, mzunguko unaoachwa nyuma ya mtambo, gia, jenereta. V52 katika upepo wa mita 8 hugeuza kama asilimia 45 ya nguvu ya upepo kuwa umeme. Asilimia 45 ya 587 ni kilowati 264. Mtambo ukiendelea hivyo kwa saa moja, umezalisha uniti 264, kwa hesabu ileile ya uniti inayotumika kwenye mita ya nyumbani.

Rudia hesabu kwa mita 9 kwa sekunde. Kasi imeongezeka kwa asilimia 12.5 tu, ongezeko ambalo mtu aliyesimama nje asingeligundua usoni. Tisa kwa kipeo cha tatu ni 729, ilhali nane ni 512. Nguvu ya upepo inapanda kutoka kilowati 587 hadi 836, na umeme unafika kama kilowati 375. Ongezeko ni zaidi ya asilimia 40.

Kwa mita 4 kwa sekunde, upepo wenyewe una kilowati 73, moja ya nane ya zile 587. Lakini hapo mtambo ndiyo kwanza umeamka, na hunasa chini ya theluthi moja, kwa hiyo unabaki na kilowati ishirini na kitu tulizozitaja mwanzoni. Ndiyo maana tofauti ya umeme ilikuwa kubwa hata kuliko mara nane: kipeo cha tatu ni sheria ya upepo, na mashine huongeza tabia zake juu yake.

Tabia hizo huonekana zaidi upepo unapokuwa mkali. Kwa mita 12 kwa sekunde, kipeo cha tatu kingedai kilowati 890 kutoka kwa mtambo wetu. Unatoa kama 700. Kwa mita 16 upepo una karibu kilowati 4,700, lakini jenereta imetengenezwa kwa 850 na haivuki hapo. Mfumo wa haidroliki huyageuza mapanga kwenye mihimili yake ili yaikate hewa kwa upole zaidi, na sehemu kubwa ya nguvu inaachwa ipite. Upepo ukifika mita 25 kwa sekunde, mtambo hujisimamisha wenyewe. Wakati huo upepo una kilowati zipatazo 18,000, na kujaribu kuzinasa ni kutafuta kung'oa mapanga.

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini isifungwe jenereta kubwa zaidi ili nguvu hiyo isipotee. Jibu liko kwenye saa. Dhoruba za namna hiyo ni saa chache kwa mwaka, ilhali jenereta kubwa, gia nene na mnara mzito zaidi ni gharama ya kila siku. Kipeo cha tatu kinaifanya dhoruba iwe hazina kwenye karatasi, lakini hazina isiyolipa gharama ya kuichimba.

Kanuni hii pia huwanasa wale wanaotegemea wastani. Ripoti ikisema mahali fulani upepo ni wa mita 8 kwa sekunde kwa wastani, haijasema bado ni umeme kiasi gani utapatikana. Chukua siku mbili. Siku ya kwanza upepo unavuma mita 8 saa zote 24, na mtambo wetu unatoa kilowati 264 muda wote: jumla uniti 6,336. Siku ya pili upepo ni mita 5 kwa saa 12, kisha mita 11 kwa saa 12. Wastani ni uleule, 8. Katika mita 5 mtambo hutoa kama kilowati 60, na katika mita 11 kama 600. Saa 12 za kwanza zinaleta uniti 720, saa 12 za pili 7,200. Jumla ni 7,920, robo zaidi ya siku ya kwanza. Saa zenye upepo mzuri zimelipa zaidi ya kile saa dhaifu zilichopoteza, kwa kuwa nguvu haipandi kwa hatua sawa na kasi.

Kwa hiyo anayetathmini mahali pa kujenga haombi wastani peke yake. Husimamisha mlingoti wa vipimo, huandika kasi kwa kila dakika kumi kwa mwaka mzima au zaidi, kisha huhesabu ni saa ngapi upepo ulikuwa mita 4, ngapi mita 5, ngapi mita 6, na kuendelea. Kila fungu la saa huzidishwa kwa nguvu ambayo mtambo hutoa katika kasi hiyo. Majibu yakijumlishwa ndipo uniti za mwaka zinapojulikana.

Vipimo vyenyewe vinadai uaminifu mkubwa. Kipimaupepo kikisoma mita 8.4 wakati kweli ni 8.0, kosa ni la asilimia 5 tu, na katika vipimo vingi vya maisha hilo lingesamehewa. Kwa kipeo cha tatu, kosa hilo linakuwa karibu asilimia 16 ya nguvu. Mradi unaweza kuahidi benki umeme ambao hautakuja kamwe. Kwa sababu hiyo vikombe vya kipimaupepo huhakikiwa kwenye maabara kabla ya kupandishwa, na mara nyingi huwekwa viwili kwa kimo kimoja: usomaji wa kimoja ukianza kutengana na wa mwenzake upepo ukitoka upande uleule, mhandisi anajua beringi imechakaa au vumbi limeingia.

Kimo nacho ni muhimu. Vituo vya hali ya hewa hupima upepo mita 10 kutoka ardhini, lakini kitovu cha mitambo ya Loiyangalani kiko mita 44 juu. Karibu na ardhi, mawe, vichaka na nyumba hupunguza mwendo wa hewa. Kwa kanuni ya kukadiria inayotumiwa sana katika nchi tambarare, kasi ya kimo cha mita 44 huwa juu kwa asilimia 24 kuliko ya mita 10. Upepo wa mita 6.5 chini unakuwa kama mita 8 juu. Ukipandisha 1.24 kwa kipeo cha tatu unapata 1.9. Mnara ule mrefu, kabla panga lolote halijabadilishwa, umeongeza nguvu inayopatikana karibu maradufu.

Kwa wanaoendesha gridi, kanuni hiyohiyo huleta kazi ya usiku na mchana. Tuseme upepo wa Loiyangalani unashuka kutoka mita 11 hadi 9 kwa sekunde. Kwa mitambo yote 365, bila kuhesabu ile inayokingiwa upepo na mingine, uzalishaji unaanguka kutoka kama megawati 219 hadi 137. Megawati 80 na zaidi zimetoweka kwa sababu ya mita mbili za kasi, na mabwawa ya maji au mitambo mingine lazima ipande haraka kuziba pengo. Ndiyo maana utabiri wa upepo una thamani kubwa kwa waongozaji wa gridi, na ndiyo maana kosa dogo la utabiri wa kasi huwa kosa kubwa la megawati.

Pale ambapo upepo si mkali kama wa Turkana, wahandisi hujibu kwa ile herufi nyingine ya kanuni, A. Mitambo 60 ya Kipeto, katika kaunti ya Kajiado, ina duara la mapanga lenye kipenyo cha mita 103. Eneo lake ni karibu mara nne ya lile la V52, lakini jenereta yake ni ya kilowati 1,700, mara mbili tu ya ile ya Loiyangalani. Kwa kila mita ya mraba ya duara, mtambo wa Turkana umepewa wati 400 za jenereta, wa Kipeto wati 204. Uamuzi huo una mantiki: kasi ikipungua, kipeo cha tatu huadhibu vikali, na njia iliyobaki ni kukusanya upepo dhaifu kutoka eneo kubwa, kwa jenereta ambayo haitakaa bure.

Anayetaka kununua mtambo mdogo wa kuweka juu ya paa anapaswa kuifanya hesabu hii kabla ya kutoa pesa. Chukua mtambo wenye kipenyo cha mita 2, ulioandikwa wati 1,000. Lebo hiyo kwa kawaida ni ya upepo wa mita 12 kwa sekunde au karibu na hapo, na kwa kasi hiyo namba inawezekana: mita za mraba 3.14, hewa ya mwinuko wa Nairobi yenye kilo kama 1.0 kwa mita ya ujazo, nguvu ya upepo wati 2,700, na mtambo mzuri kunasa zaidi kidogo ya theluthi. Muuzaji hajadanganya. Lakini juu ya mapaa ya mtaa uliozungukwa na nyumba na miti, upepo mara nyingi ni mita 3 kwa sekunde. Hiyo ni robo ya kasi ya lebo, na robo kwa kipeo cha tatu ni moja ya 64. Upepo unaopita kwenye mtambo una wati 42, na mashine ndogo ikinasa robo yake, kinachofika kwenye betri ni wati 10 au 11. Hizo zinatosha taa moja ya LED na kuchaji simu polepole.

Basi swali la kumuuliza muuzaji si wati ngapi zimeandikwa, bali zimeandikwa kwa upepo wa kasi gani. Kisha mnunuzi anunue au aazime kipimaupepo, akifunge palepale na kwa kimo kilekile mtambo utakapokaa, na aandike namba zake kwa miezi kadhaa, kiangazi na masika.